Gereza la Kapita

Usiku wa kuamkia Jumatatu, tarehe 2 Septemba 2024, milio ya risasi ilisikika kutoka Gereza Kuu la Makala, jijini Kinshasa. Kesho yake Waziri wa Mambo ya Ndani wa Kongo, Jacquemain Shabani, alitangaza hesabu ya serikali: wafungwa 129 wamekufa. Kati yao 24 waliuawa kwa risasi walipojaribu kutoroka. Waliobaki, zaidi ya 100, walikufa kwa kukanyagana na kukosa hewa.

Watu wengi walizungumzia risasi. Mimi naona hesabu ile ya pili ndiyo inayoeleza zaidi, maana hao hawakuuawa na silaha ya mtu yeyote. Makala lilijengwa mwaka 1957 kwa ajili ya wafungwa 1,500. Usiku ule lilikuwa na zaidi ya 12,000, na wapo waliosema wanafika 15,000. Mahali pa mtu mmoja pana watu wanane, tisa, hata kumi. Wanaolala chini hupeana zamu, na asiyepata nafasi hukesha kwenye ujia au karibu na choo. Umati wa namna hiyo ukishtuka gizani na kukimbilia mlango mmoja, walio mbele hawana pa kwenda.

Lakini Makala halikujaa usiku mmoja. Limejaa hivyo kwa miaka mingi, na siku nyingi kukacha na kukapambazuka bila mauaji. Chakula kimegawiwa, watu wamelala, ugomvi umeamuliwa. Nani alikuwa akifanya kazi hiyo? Si askari magereza, kwa sababu ni wachache mno na kazi yao kubwa ni kulinda ukuta na lango. Ndani ya mabanda wanatawala wafungwa wenyewe.

Katika magereza ya Kongo mkubwa wa wafungwa huitwa kapita, na chini yake kuna wakuu wa mabanda na wasaidizi wao. Kwetu Tanzania na Kenya tungemwita nyapara. Mfungwa mpya akifika hukutana nao kabla hajamjua askari hata mmoja. Anaulizwa ana nini na nani wa kumletea fedha kutoka nje. Mwenye nacho hulipa, akapata godoro, pengine hata chumba chenye watu wachache. Asiye nacho hupewa kazi ya kusafisha vyoo na kuchota maji, na akikaidi hupigwa. Maji, nafasi ya kulala, simu, hata usalama wa mwili, vyote vina bei. Uongozi wa gereza unalijua hilo, na mara nyingi unalitegemea, kwa sababu bila kapita hauna njia ya kujua nini kinaendelea ndani.

Kanuni za Mandela, ambazo Umoja wa Mataifa ulizipitisha mwaka 2015, zinalikataza jambo hili waziwazi katika kanuni ya 40: mfungwa asipewe madaraka ya kuadhibu wafungwa wenzake. Kanuni hiyo ni rahisi kuitekeleza penye askari wa kutosha. Penye askari wachache na maelfu ya wafungwa, kumwondoa kapita bila kuweka mtu mahali pake ni kuacha kiti wazi, na watu watakigombania kwa visu.

Mchumi wa Marekani, David Skarbek, ameandika kitabu kizima juu ya jambo hili mwaka 2014, akichunguza magenge ya magereza ya Kalifornia. Zamani, wafungwa walipokuwa wachache, walijuana. Mwenye kuiba au kuchongea alijulikana, na sifa yake mbaya ilimfuata. Idadi ilipopanda, wageni wakawa wengi kuliko wenyeji, na sifa ya mtu haikuweza kumtangulia tena. Hapo ndipo magenge yalipopata kazi. Kila mfungwa akalazimika kuwa chini ya kundi fulani, na kundi likawajibika kwa vitendo vyake. Akikopa dawa za kulevya kwa kundi lingine asilipe, kundi lake litamlipia au litampiga lenyewe, ili vita visije. Genge mojawapo huko, linaloitwa Meksikani Mafia, lilianza mwaka 1957, mwaka uleule wa kujengwa Makala.

Kwa hiyo msongamano hauleti fujo moja kwa moja. Kwanza unaleta watawala wengine, na watawala hao wanapenda utulivu, maana fujo inaharibu biashara. Ndiyo sababu gereza lililofurika laweza kuonekana shwari machoni mwa mgeni. Mwenye kutaka kujua hali yake halisi asihesabu mapigano. Aulize nani anaamua mgeni alale wapi, na nani anagawa chakula. Jibu likiwa ni mfungwa, utulivu ule una mwenyewe, naye si serikali.

Ubaya wa utulivu wa namna hii ni kwamba unategemea wachache kuendelea kutiiwa. Makala ilikuwa na joto, na wafungwa walilalamikia ukosefu wa maji na umeme. Jambo kama hilo likiwapata watu wote kwa wakati mmoja, kapita hana cha kugawa wala cha kutishia, na chini yake hakuna ngazi nyingine ya utawala. Kutoka hapo hadi lango la nje ni umati mtupu.

Wanawake ndio waliolipa zaidi. Banda lao liko ndani ya ukuta uleule wa wanaume. Waraka wa Umoja wa Mataifa ulieleza kwamba kati ya wanawake 348 waliokuwamo, 268 walibakwa au kufanyiwa ukatili mwingine wa kingono usiku ule. Wala halikuwa jambo la mara ya kwanza. Septemba 2020, katika gereza la Kasapa mjini Lubumbashi, wafungwa walifanya ghasia, banda la wanawake likachomwa moto, na wanawake wakabaki uani pamoja na wanaume kwa siku kadhaa. Wengi wao walibakwa. Miaka minne baadaye, Kinshasa bado ilikuwa na lilelile: wanawake waliotenganishwa na maelfu ya wanaume kwa mlango tu.

Moto wa Makala uliteketeza pia ofisi za utawala, zahanati, maghala ya chakula na masjala. Masjala ndiyo inayotunza majalada: nani aliingia lini, kwa kosa gani, kesi yake iko wapi. Wengi wa watu wa Makala ni mahabusu ambao hawajahukumiwa, na jalada lisipotembea, mtu hakai kwa kosa lake, anakaa kwa kusahauliwa. Ukitaka kujua msongamano unatoka wapi, usitazame wezi wanaoingia. Tazama wale ambao hakuna hakimu aliyewaita.

Ndiyo maana kujenga magereza peke yake hakutoshi. Kalifornia yenyewe, ambayo wafungwa wake walikaribia mara mbili ya nafasi zilizopo, ililazimishwa na Mahakama Kuu ya Marekani mwaka 2011 kupunguza hadi asilimia 137.5 ya nafasi. Wenye makosa madogo wakaanza kufungwa katika jela za wilaya. Idadi ilishuka. Magenge hayakuondoka, kwa kuwa genge likishazoea kutawala halijiuzulu kwa sababu chumba kimepata nafasi.

Kongo nayo ilikuwa na fedha zilizotengwa kujenga gereza jipya Kisangani. Aliyekuwa Waziri wa Sheria wakati wa maafa ya Makala, Constant Mutamba, ambaye aliwalaumu mahakimu kwa kujaza gereza, alishtakiwa kwa ubadhirifu wa fedha hizo. Tarehe 2 Septemba 2025 mahakama ilimhukumu miaka mitatu ya kazi ngumu.