Kiti cha Kubandika na Kivuli Chake

Fundi seremala ana picha ya kiti aliyoipiga karakanani, na nyingine ya ua wenye sakafu ya saruji, mchana wa jua kali. Anataka tangazo linaloonyesha kiti kikiwa uani. Kukikata na kukibandika ni kazi ndogo. Kivuli ndicho chenye kazi, kwa sababu kikikosewa kiti huonekana kinaelea, hata kama mtazamaji hajui kasoro iko wapi.

Aanze na kiti chenyewe. Ikiwa kiti kimeangazwa kutoka kushoto na jua la uani linatoka kulia, hakuna kivuli kitakachosawazisha hilo. Akipindue kiti kwa Flip Horizontally au apige picha nyingine.

Mwelekeo auulize uani kwenyewe. Tuseme kuna nguzo ya mita 2 yenye kivuli cha mita 1. Apige mstari mmoja kutoka mguuni mwa nguzo kufuata kivuli, na mwingine kutoka kileleni hadi ncha ya kivuli. Jua likiwa ubavuni mwa mpiga picha, mistari ya kiti huenda karibu sambamba na hiyo. Likiwa mbele au nyuma yake, mistari ya vilele vyote huelekea nukta moja, hata kama nukta hiyo iko nje ya picha, na ya ardhini hukutana kwenye upeo wa macho. Penye makutano ya mistari miwili ya kiti ndipo ncha ya kivuli chake ilipo. Kiti cha sentimita 90 hapo kitatoa kivuli cha sentimita 45.

Wengi hunakili umbo la kiti, hulijaza weusi na kulilaza chini. Kwa ubao bapa njia hiyo inafaa, kwa kiti haifai. Kivuli ni umbo la kiti kama jua linavyokiona, si kama kamera ilivyokiona. Kila mguu uchorewe kivuli chake, kianzie pale unapogusa sakafu.

Sasa ulaini. Jua si nukta, lina upana wa takriban nusu digrii angani, kwa hiyo ukingo wa kivuli hufifia kadiri kitu kinavyokuwa juu ya ardhi. Miguuni ukingo ni mkali. Kwenye kivuli cha egemeo, ukungu unafika kama sentimita 1. Ikiwa urefu wa kiti pichani ni pikseli 900, hizo ni pikseli 10 hivi. Gaussian Blur ya kiwango kimoja kwa kivuli kizima humuumbua mhariri. Bora ukungu uongezeke polepole kutoka miguuni.

Tabaka la kivuli liwekwe Multiply, na rangi yake ichotwe kwenye kivuli cha nguzo. Mara nyingi ina ubuluu kidogo, kwa kuwa anga bado linaangaza pale jua lisipofika.

Kama ua ulipigwa picha siku ya mawingu mazito, mistari yote hiyo haihitajiki. Panatosha giza jembamba chini ya kila mguu.