Kulinganisha Ankara ya Wakala wa Ajira na Karatasi za Mahudhurio

Katika vituo vya afya, shule na miradi ya maji ya Bukoba na Muleba, kazi za usafi na ulinzi aghalabu hufanywa na watu walioletwa na wakala wa ajira. Wakala huwalipa wafanyakazi wake, kisha hutuletea ankara ya saa walizofanya kazi. Mkazi anayeketi katika kamati ya usimamizi wa kituo au bodi ya shule huombwa kuidhinisha malipo hayo, na mara nyingi hupewa ankara peke yake. Ankara peke yake haithibitishi jambo lolote, kwa kuwa imeandikwa na yule anayedai. Kinachothibitisha ni karatasi ya mahudhurio: jina, tarehe, saa ya kuingia, saa ya kutoka, na sahihi ya msimamizi wa kituo chetu, si ya mnyapara wa wakala.

Kabla ya kupiga hesabu, soma mkataba kwa ajili ya mambo mawili tu: kiwango cha saa moja, na namna saa ya chakula inavyohesabiwa. Hilo la pili ndilo chimbuko la madai mengi yasiyo halali. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 humpa mfanyakazi anayefanya kazi kwa zaidi ya saa tano mfululizo mapumziko ya angalau dakika 60, na mapumziko hayo hayalipwi isipokuwa mwajiri amemtaka afanye kazi au awe tayari kufanya kazi wakati huo. Sheria hiyo hiyo huweka saa 45 za kawaida kwa wiki. Saa inayozidi hapo ni ya ziada, na malipo yake hayapungui mara moja na nusu ya kiwango cha kawaida.

Tuchukue mfano wa kubuni: kituo chenye wahudumu wanne wa usafi, kwa kiwango cha shilingi 2,500 kwa saa na shilingi 3,750 kwa saa ya ziada. Jumatatu hadi Ijumaa huingia saa 1 asubuhi na kutoka saa 10 alasiri. Hizo ni saa tisa, nazo ukitoa moja ya chakula hubaki nane. Jumamosi hufanya kazi saa tano, hadi saa 6 mchana. Kila mmoja hutimiza saa 45. Katika wiki tunayoikagua, mhudumu wa tatu hakufika Jumatano, na wa nne alibaki Alhamisi hadi saa 12 jioni kumalizia wodi ya wazazi.

Ankara ya wiki hiyo inadai saa 180 za kawaida na saa 22 za ziada, jumla shilingi 532,500. Usianze na jumla. Chukua karatasi ya mtu mmoja, hesabu siku moja moja, andika pembeni, ndipo uende kwa mwingine. Wa kwanza na wa pili wana saa 45 kila mmoja. Wa tatu ana 37. Wa nne ana 45 za kawaida na mbili za ziada. Karatasi zenye sahihi, basi, zinatoa saa 172 za kawaida na mbili za ziada: shilingi 430,000 na shilingi 7,500, yaani shilingi 437,500. Tofauti ni shilingi 95,000.

Sasa tafuta tofauti hiyo imetoka wapi, maana wakala atakuuliza. Saa nane za kawaida, shilingi 20,000, ni za mhudumu ambaye hakufika Jumatano. Saa 20 za ziada, shilingi 75,000, zimezaliwa na saa ya chakula: wakala amehesabu saa tisa kwa siku badala ya nane, watu wanne kwa siku tano, hata kwa siku ile ambayo mmoja wao hakuonekana. Kwa kuwa kila mmoja alikuwa amekwisha kutimiza 45, saa hizo zikaangukia kwenye kiwango cha juu. Kama wakala amesajiliwa kwa Kodi ya Ongezeko la Thamani na kiwango kinachotumika ni asilimia 18, kodi hupanda juu ya kosa nalo, na shilingi 95,000 huwa shilingi 112,100. Kosa la kutofika huenda lisijirudie. La saa ya chakula litarudi kila wiki mpaka mtu alione.

Hata hivyo, waulize wahudumu kwanza. Ikiwa kweli walikuwa wakiitwa kudeki wakati wa chakula, saa hiyo ni haki yao, na aliyekosea ni msimamizi asiyeiandika. Uliza pia kama saa hizo 20 zimeonekana katika hati zao za mshahara. Wakala anayetudai saa ambazo hakuwalipa wafanyakazi wake amejieleza mwenyewe.

Kosa la pili linatokana na saa zetu wenyewe. Msimamizi huandika saa kwa Kiswahili, kuingia 1:00 na kutoka 10:00, ilhali karani wa wakala huingiza katika kompyuta kwa mtindo wa saa 24. Akibadilisha moja na kuisahau nyingine, 1:00 hadi 16:00 huwa saa 15. Dalili ni rahisi kuiona: siku yoyote yenye zaidi ya saa 12, ambazo ndizo upeo wa sheria kwa siku.

Kwa walinzi, angalia usiku wa mwisho wa mwezi. Zamu inayoanza saa 12 jioni tarehe 31 humalizika saa 12 asubuhi tarehe 1, na si ajabu kuikuta nzima katika ankara mbili zinazofuatana. Nyongeza ya usiku nayo, ambayo kisheria si chini ya asilimia 5, huanza saa 2 usiku na kukoma saa 12 asubuhi. Katika zamu ya saa 12, ni saa 10 tu zinazostahili nyongeza hiyo.

Ulinganisho huu una mpaka wake. Karatasi iliyotiwa sahihi ikiwa tupu, kisha ikajazwa baadaye, italingana na ankara bila dosari. Itilie shaka karatasi ya mwezi mzima yenye kalamu moja, mwandiko mmoja, na watu wote wakiingia saa 1:00 kamili kila siku, hata katika wiki za masika. Ilinganishe na daftari la matukio la mlinzi wa lango. Jina moja likionekana siku moja Kamachumu na Kemondo, watumishi wa halmashauri zetu mbili hawataligundua mpaka waweke ankara zao meza moja.

Ukishapata tofauti, usikate namba kwa kalamu juu ya ankara, kwa sababu risiti ya mashine ya kielektroniki lazima ilingane na hati iliyolipwa. Mwandikie wakala barua yenye safu tano: jina, tarehe, saa zilizodaiwa, saa zilizotiwa sahihi, na tofauti. Ambatisha nakala za karatasi, nakala halisi zibaki kituoni. Omba ankara iliyosahihishwa kabla ya malipo, na ukikuta saa zilizofanyika ambazo wakala alisahau kuzidai, ziandike katika barua hiyo hiyo.