Muziki Katika Video Fupi za Matangazo

Wimbo mmoja hubeba haki mbili. Ya kwanza ni ya utunzi, yaani maneno na melodia. Ya pili ni ya rekodi, ambayo mara nyingi humilikiwa na lebo au aliyegharamia studio. Anayeuweka wimbo kwenye tangazo huhitaji ruhusa ya pande zote mbili. Kwa hiyo kuuimba upya kwa sauti nyingine hakutoshi, kwani utunzi unabaki uleule. Wala hakuna idadi ya sekunde inayoruhusiwa bure, na kumtaja msanii si sawa na kuombwa ruhusa yake.

Wengi huamini kwamba wimbo ukipatikana ndani ya TikTok, basi uko huru kwa kila kazi. Kampuni ya Marekani iliyotengeneza kinywaji cha Bang ilijitetea kwa leseni za mitandao iliposhtakiwa na lebo kubwa mwaka 2021. Mwaka uliofuata mahakama ya Florida iliukataa utetezi huo na kuikuta na hatia kwa video ilizoweka yenyewe.

Chukua mfano wa duka la vitenge Kariakoo linalomlipa mchekeshaji atengeneze video ya sekunde 20. Akaunti yake ni ya binafsi, hivyo programu inampa kila wimbo wa bongo fleva unaovuma. Lakini malipo yameshaigeuza video kuwa tangazo. Anatakiwa kuwasha kitufe cha kutambulisha maudhui ya kulipwa, kisha achague sauti kutoka Commercial Music Library, maktaba iliyotengwa kwa biashara.

Mtego mkubwa zaidi uko kwenye sauti iliyoandikwa "original sound". Mara nyingi mtu amekata kipande cha wimbo au cha filamu, akakipakia, nacho kikabeba jina la akaunti yake. Jina hilo halimpi umiliki, wala halimkingi anayekitumia. Sauti ya video ikizimwa, au ombi la kuitangaza kwa kulipia likikataliwa, hiyo ni dalili ya kasoro. Lakini video kubaki hewani si uthibitisho kwamba ni halali.

Tatizo jingine huja duka linapoihamishia video Instagram. Ruhusa ya maktaba ya TikTok huishia TikTok. Ni busara mchekeshaji akabidhi pia nakala isiyo na muziki, ili duka liweke sauti kutoka Sound Collection ya Meta, nayo itumike kwenye mitandao ya Meta tu.

Duka likiutaka wimbo fulani hasa, njia iliyo salama ni mkataba wa maandishi na wenye haki. Kwa msanii anayejitegemea hii huwa rahisi kuliko watu wanavyodhani, ila prodyuza aliyetengeneza biti asisahaulike, maana huenda naye ana sehemu yake. Mkataba utaje mitandao yote itakayotumika, muda wa tangazo, na kama video italipiwa isambazwe zaidi.