Soma Kichwa cha Barua Kwanza, Bando Lako Lidumu

Tuseme unanunua ndengu kwa wakulima wa Mutomo na kuuza Nairobi. Asubuhi umenunua bando la MB 50. Mnunuzi wako ametuma oda kwa barua pepe, na anataka jibu kabla ya saa sita. Unafungua simu, barua 20 zinaanza kuingia, mtandao unakokota, halafu bando linaisha kabla hujaiona hiyo oda. Nani amekula MB zako?

Ukichunguza, barua zenyewe hazina hatia. Maneno matupu ya barua ya kawaida ni KB chache tu. Shida ni viambatisho. Tuseme kati ya zile barua 20, moja ina picha za sherehe za MB 9, nyingine ina ankara iliyoskaniwa ya MB 6, na ya tatu ndiyo oda yako, PDF ya KB 300. Kumbuka pia kwamba kiambatisho hugeuzwa kuwa herufi ili kisafiri ndani ya barua, na hilo hukiongezea uzito kama theluthi moja. Kwa hiyo zile MB 9 zinakuwa kama MB 12. Ukitoka mjini, mtandao ukashuka hadi kilobiti 100 kwa sekunde, picha hizo peke yake zitachukua kama dakika 16. Na zikikatika njiani, mara nyingi zinaanza upya na unalipia tena.

Dawa ni kuiambia simu ilete kwanza kichwa cha barua, yaani mtumaji, mada na tarehe, pamoja na maneno machache. Kiambatisho kibaki kwenye seva mpaka ukiitishe mwenyewe.

Programu ya bure inayofanya hivyo vizuri kwenye simu za Android ni K-9 Mail. Unapoweka akaunti yako, chagua IMAP. Kisha ingia kwenye mipangilio ya akaunti, sehemu ya `Fetching mail`, utafute `Fetch messages up to` na uchague 32 KiB. Barua ikizidi hapo, utaona maneno yake na majina ya viambatisho, lakini viambatisho vyenyewe havishuki. Ukitaka kimoja, bonyeza hicho kimoja tu. Usiguse `Download complete message` kama huhitaji barua nzima.

Sasa rudia hesabu. Barua 20 kwa KB 32 ni kama KB 640. Ongeza oda yako, ambayo kwa ule uzito wa ziada ni kama KB 400. Jumla ni MB moja hivi. Ungeshusha viambatisho vyote vitatu, ungetumia zaidi ya MB 20.

Unatumia Gmail? Fungua mipangilio ya akaunti, kisha `Data usage`. Kwenye `Images` chagua programu ikuulize kabla ya kuonyesha picha, kwa sababu matangazo mengi huvuta picha zake kutoka nje ya barua unapoyafungua. Hapo hapo, zima kushusha viambatisho vyenyewe kupitia Wi-Fi. Wengi wetu huiacha wakidhani Wi-Fi ni ya bure. Lakini ukiwa Wote na jirani amekuwashia hotspoti, simu yako inaweza kuiona kama Wi-Fi ya kawaida, na kinacholiwa ni bando la jirani.

Njia hii ina mipaka yake. Kiambatisho ulichokiacha kwenye seva hakifunguki bila mtandao. Kama unaenda ndani kabisa, Ikutha kwa mfano, shusha oda ukiwa bado mjini. Pia, jina la mtumaji kwenye kichwa linaweza kughushiwa, kwa hivyo usiamini barua inayodai PIN yako hata kama jina unalifahamu. Sisi hatuombi PIN kwa barua pepe.

Ombi la mwisho ni kwa wanaotuma. Ukimlipa mkulima au msambazaji, usimtumie picha ya skrini kuthibitisha. Nakili namba ya muamala, kiasi na tarehe, uviandike ndani ya barua. Hayo hayafiki hata KB moja, na yeye anaweza kuyalinganisha na ujumbe wa malipo alioupokea kwenye simu yake. Na kwa oda, mwombe mnunuzi aandike magunia, bei na siku ya mwisho kwenye barua yenyewe, PDF ifuate. Hapo hata bando likiisha, utakuwa umeshajua cha kumjibu kabla ya saa sita.