Seti Ngapi za Mashuka? Hesabu za Stoo ya Hoteli, Kitale na Bungoma (Sehemu ya Pili)

Juma lililopita tulieleza maana ya seti moja: mashuka, foronya na taulo zinazotosha kuvisha vyumba vyote vya hoteli mara moja, bila kubakisha wala kupungukiwa. Leo tunaingia kwenye swali linalowagonganisha wenye hoteli na wasimamizi wao wa vyumba kila bajeti inapofika. Hoteli iwe na seti ngapi?

Vitabu vya kufundishia kazi ya hoteli hupenda kutaja seti tano: moja kitandani, moja inayofuliwa, moja stooni, moja ya kufidia zinazochakaa na moja ya dharura. Mgawo huo una mantiki, ila ni mwepesi kukaririwa bila kuulizwa. Tano ni jibu la hoteli fulani, yenye mashine fulani na hali fulani ya hewa. Kinachoamua idadi ya seti ni muda: tangu shuka livuliwe kitandani, litachukua muda gani kurudi stooni likiwa safi, kavu na limepigwa pasi? Kila siku moja ambayo safari hiyo inachelewa, wakati hoteli imejaa, inakudai seti moja nzima.

Tuchukue hoteli ya mfano mjini Kitale. Ina vyumba 40. Vyumba 24 vina kitanda kimoja kikubwa, na 16 vina vitanda viwili vidogo kila kimoja. Hivyo kuna vitanda vikubwa 24 na vidogo 32, jumla 56. Kila kitanda kinataka mashuka mawili, la chini na la juu. Seti moja basi ni mashuka 48 makubwa na 64 madogo, yaani 112. Hesabu hizo mbili zisichanganywe kamwe katika daftari. Nimeona stoo iliyoandika "mashuka 300" ikaridhika, kumbe makubwa yalikuwa yamekwisha na wahudumu walikuwa wakitandika vitanda vikubwa kwa mashuka madogo, kingo hazifikii chini ya godoro.

Sasa fuata seti moja, tuseme ni wiki kavu ya Januari. Jumanne saa nne asubuhi wageni wameondoka na seti ya kwanza inavuliwa. Saa hiyo hiyo seti ya pili inatoka stooni kwenda vitandani. Seti ya kwanza inafuliwa mchana, inaanikwa na kukauka, kisha Jumatano inapigwa pasi, kukunjwa na kuingia stooni jioni. Lakini Jumatano saa nne vitanda vilihitaji kubadilishwa tena, na seti ya kwanza ilikuwa bado mezani kwa mpiga pasi. Ndiyo maana lazima iwepo seti ya tatu. Alhamisi asubuhi seti ya kwanza iko tayari, na mzunguko unajifunga. Kwa hoteli inayojaa kila siku, seti tatu ndizo kima cha chini kabisa, na hapo bado hatujahesabu shuka hata moja lililochanika.

Halafu mvua inakuja. Kitale iko takriban mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, kati ya Mlima Elgon na vilima vya Cherangani. Tangu Aprili hadi karibu Oktoba mvua yake hupenda kunyesha alasiri. Hoteli yetu haina mashine ya kukaushia, inategemea kamba za nyuma ya jiko. Ina mashine moja ya kufulia ya kilo 15, na nyumba ikijaa, mashuka, foronya na taulo hufika mizigo minane, kila mmoja ukila karibu saa moja pamoja na kujaza na kutoa. Ukianza Jumanne saa tano asubuhi, mizigo miwili au mitatu ya mwanzo ndiyo itakayokauka kabla ya wingu kushuka. Mingine yote inalala imelowa ndani, inaanikwa kesho yake, na kufikia saa nne ya Alhamisi haijapigwa pasi. Zaidi ya nusu ya seti imechelewa siku nzima. Kwenye karatasi umepungukiwa na mashuka zaidi ya 56, ingawa hakuna aliyeiba wala kupoteza hata moja.

Hapa ndipo mwenye hoteli huambiwa anunue seti ya nne. Pengine ni kweli, lakini kwanza aangalie saa za kazi za dobi. Chumba cha kufulia kikianza saa kumi na mbili asubuhi na nguo zilizovuliwa jana, mizigo mitano au sita itakuwa kambani kabla ya saa sita mchana, na pasi itaanza wakati mvua inanyesha. Shuka lililovuliwa Jumanne litakuwa stooni Jumatano jioni, sawa na wiki kavu, isipokuwa ile mizigo miwili au mitatu ya mwisho. Zamu ya dobi imesogezwa tu, na sehemu kubwa ya seti imeokolewa. Gharama yake ni kwamba nguo chafu zinalala usiku mmoja. Kwa hiyo taulo mbichi zisirundikwe pamoja na mashuka, zitaota ukungu, na shuka lenye tope jekundu la Trans Nzoia liloweshwe jioni ile ile, maana doa likishalala haling'oki kwa urahisi.

Hata hivyo seti ya nne ninaiunga mkono kwa hoteli ya aina hii, kwa sababu nyingine: umeme ukikatika siku moja, au mashine ikivunjika mkanda, seti tatu hazina nafasi ya kupumua. Seti nne ni mashuka 448. Ya tano ningeinunua kwa hoteli inayopeleka nguo kufuliwa nje na kurudishiwa baada ya siku mbili, si kwa hii.

Tushuke sasa Bungoma, kwa barabara ya Kiminini na Webuye. Mji uko chini zaidi, karibu mita 1,400, joto ni kubwa na nguo hukauka mapema. Mtu angetarajia idadi ndogo ya seti. Tatizo la Bungoma ni jinsi wageni wanavyokuja kwa mkupuo. Mazishi hufanyika sana mwisho wa juma, na waombolezaji kutoka Nairobi na Mombasa hujaza vyumba Ijumaa na Jumamosi. Jumatatu hadi Jumatano hoteli hiyo hiyo inaweza kuwa na watu nusu tu.

Kwa mtindo huo, swali la msimamizi si jumla ya mashuka aliyonayo. Aulize: Alhamisi jioni, stooni kuna mangapi yaliyo safi? Usiku wa Ijumaa na wa Jumamosi vyumba vimejaa, hivyo mabadiliko makubwa ni mawili, Jumamosi asubuhi na Jumapili asubuhi. Kama Alhamisi jioni rafu zina seti mbili kamili, na nyingine iko vitandani, hata mvua ikinyesha Jumamosi kutwa hoteli itafika Jumatatu salama. Zikipungua mbili, dobi aongezwe saa siku hiyo hiyo, kabla wageni hawajafika. Hesabu hii moja ya Alhamisi ina faida kuliko ripoti ya mwezi.

Agosti ya miaka shufwa ni habari tofauti. Ndio msimu wa tohara ya Wabukusu, kama ilivyokuwa 2022 na 2024, na jamaa hurudi nyumbani kutoka kila pembe. Mwaka 2024 Bungoma ilikuwa pia mwenyeji wa sherehe za kitaifa za Madaraka, tarehe 1 Juni, katika uwanja wa Masinde Muliro huko Kanduyi. Siku kama hizo humfanya mwenye hoteli atamani kununua seti mbili zaidi. Asinunue. Mgeni wa sherehe kwa kawaida hulala usiku zaidi ya mmoja. Chumba chake kikibadilishwa mashuka kila baada ya siku mbili, kwa kadi inayomweleza hivyo na ruhusa ya kuomba mapema akitaka, mahitaji ya mashuka kwa wageni wanaokaa hupungua nusu. Yanayozidi yapelekwe kwa dobi wa mjini kwa wiki hizo chache. Mashuka yaliyonunuliwa kwa ajili ya Agosti moja hukaa rafuni miezi mingi, yakapata mstari wa manjano kwenye mikunjo na kutembelewa na panya.

Namna gani utajua kiwango kimeshuka kabla ya daftari kukwambia? Pita ghorofani saa tano asubuhi. Ukikuta wahudumu wamesimama na toroli tupu wakimngoja mpiga pasi, au shuka lenye unyevu likitandikwa, jibu unalo. Dalili mbaya zaidi imejificha: mhudumu aliyewahi kukosa mashuka huanza kuweka mawili matatu ya akiba, chini ya toroli, juu ya kabati, nyuma ya mapazia ya chumba kisicho na mgeni. Wakifanya hivyo wahudumu wanane, stoo inapungukiwa kweli, na wengine wanapata sababu ya kuficha zaidi. Kuwagombeza hakusaidii. Jaza rafu kwa wiki mbili mfululizo, nao watayarudisha wenyewe.

Kwa sababu hiyo kuhesabu kufanywe siku moja na saa moja, alasiri baada ya vyumba kutandikwa, bila kitu kuhama: vitandani, kwenye toroli, nguo chafu, mashine, kamba, meza ya pasi, stoo, kwa dobi wa nje, na pia kitanda cha mlinzi wa usiku. Shuka lililochakaa liandikwe na kukatwa vitambaa siku hiyo hiyo. Likirudishwa zima litahesabiwa tena mwezi ujao.

Vifaa vya usafi haviendi na kurudi kama mashuka, vinatumika vikaisha, hivyo hesabu yake ni ya namna nyingine. Kiwango cha chini ni kile kitakachotumika wakati unangoja mzigo, pamoja na akiba ya kuchelewa. Hoteli yetu ya Kitale ikiwa na vyumba 28 vyenye watu, na kila kimoja kikila mililita 30 za sabuni ya maji kwa siku, hiyo ni karibu lita 6 kwa wiki. Mzigo wa kutoka Eldoret ukichukua siku tatu, lita 5 zingetosha kama kiwango cha chini. Lakini sabuni huja kwa mtungi wa lita 20, kwa hiyo kanuni ya stooni iwe rahisi: ukifungua mtungi wa mwisho, agiza. Hakuna haja ya kupima lita.

Kwa jiki, kiwango cha juu ndicho muhimu. Dawa hiyo hupoteza nguvu kadiri inavyokaa, na joto huharakisha, hivyo mitungi ya miezi sita iliyonunuliwa kwa bei nafuu huishia kuwa karibu maji, na wahudumu wakaimimina maradufu bila kujua sababu. Nunua ya mwezi mmoja au miwili, na iwekwe kwenye rafu ya chini, mbali na mashuka na mbali kabisa na dawa ya choo yenye asidi, kwa kuwa zikichanganyika hutoa gesi ya sumu.

Juma lijalo tutazungumzia taulo, ambazo hupotea kwa njia ambayo mashuka hayapotei.