Wiki ya UE: Utani Unaofaa na Utani Unaochoma

Mitihani ya mwisho wa muhula, ambayo wanafunzi wa Tanzania huiita UE, ikikaribia pale Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kimbweta huwa mali adimu. Zile meza za zege zilizo nje, chini ya miti, huwahiwa alfajiri kwa begi au daftari lililoachwa juu kama alama ya mwenyewe. Watu wanapiga msuli hadi usiku wa manane, madesa yanapita mkono hadi mkono, na simu haziachwi mbali. Ndani ya simu hizo, akaunti za vyama vya wanafunzi, ambazo muhula mzima hutangaza mikutano na semina, hugeuka ghafla kuwa watani wa chuo kizima.

Posti hizo za mzaha huonekana kama kazi ya dakika mbili, lakini zinazopendwa na kutumwa kutoka kundi moja hadi jingine hufuata kanuni moja. Hucheka na karaha ndogo iliyompata kila mtu leo, na hukaa mbali na msiba mkubwa ambao huenda ukampata mmoja wao kesho.

Watafiti wamelichunguza jambo hili. Mwaka 2010, Peter McGraw na Caleb Warren wa Chuo Kikuu cha Colorado nchini Marekani walieleza kwamba kitu huchekesha pale kinapovunja utaratibu au kuleta kitisho, na papo hapo msikilizaji akaona hakuna madhara. Kitisho kikikosekana, hadithi inapooza. Usalama ukikosekana, hadithi inaumiza. Mwaka 2012, wao na wenzao waliongeza hoja ya umbali: tukio zito, kama kugongwa na gari, huchekesha likishapita miaka, ilhali tukio dogo, kama kujigonga kidole cha mguu, huchekesha zaidi likiwa bado la jana.

Ipeleke hoja hiyo kwenye chumba cha mtihani. Kalamu kukataa kuandika ni kidole kilichojigonga, kwa hiyo iseme leo leo, maana wiki ijayo haitamchekesha mtu. Kupata sapu, yaani kurudia mtihani, au kudisko, yaani kuondolewa chuoni kwa kushindwa masomo, ni gari. Aliyemaliza shahada yake zamani anaweza kusimulia sapu yake kwa kicheko. Aliyetoka kukabidhi kitabu cha majibu saa hii hawezi, kwa sababu hajui bado.

Tuchukue mfano wa chama cha wanafunzi wa jiografia chenye akaunti Instagram na stetasi ya WhatsApp. Katibu mwenezi wake anataka posti ya jioni ya kuamkia mtihani wa kwanza. Wazo lake la mwanzo ni hili:

*"Kusoma ni kugumu jamani, nani anakubaliana nasi?"*

Hakuna atakayekataa, na hakuna atakayecheka, kwa kuwa hakuna anachokiona. Anajaribu tena:

*"Desa kurasa 112. Mtihani kesho saa mbili asubuhi. Umeshapanga kalamu za rangi, umeshapiga picha meza, sasa unatafuta wimbo wa kusomea."*

Hapa kuna kitu. Idadi ya kurasa inaonyesha uzito wa kazi, saa inaonyesha muda uliobaki, halafu vitendo vitatu vinafuatana, vyote vya maandalizi na kimoja hakihusu kusoma. Posti inaishia palepale kwenye mgeuko, bila kuongeza maelezo wala vikaragosi kumi vya kucheka. Tena inasema na "wewe", na msomaji anajibu moyoni: nani kaniona?

Siku ya mtihani yenyewe, chumba kina hazina yake. Karibu kila mwanafunzi anaijua dakika hii:

*"Msimamizi: zimebaki dakika thelathini. Jirani: naomba kitabu kingine. Wewe: bado uko kwenye utangulizi."*

Au hii, kwa mtihani unaoelekeza kujibu swali la kwanza na mengine mawili:

*"Jibu swali la kwanza, kisha chagua mawili unayoyaweza. Umesoma yote matano mara tatu. Hayo mawili hujayaona."*

Katika posti zote hizo, anayetiwa ucheshi ni hali, wala si mtu. Huwezi kumtaja jirani aliyeomba kitabu cha pili, kwa kuwa yuko katika kila ukumbi. Hapo ndipo akaunti nyingi huteleza. Linganisha na hizi ambazo katibu huyo angeziandika kwa haraka:

*"Mwaka wa kwanza, karibuni sapu."*

*"Kuna dada katoka analia leo, jamani pole."*

*"Yule mhadhiri wa somo la asubuhi katuua makusudi."*

Ya kwanza inamcheka mgeni asiyejua bado kama amefaulu. Ya pili haina jina, lakini mbele ya ukumbi walikuwa wamesimama watu mia, na kila mmoja anajua ni dada gani. Ya tatu inamtuhumu mtu anayejulikana kwa kosa asilothibitishiwa, tena kwa jina la chama kizima. Picha ya mwanafunzi aliyelala juu ya daftari maktabani ina kasoro ileile, hata ikiwa inachekesha: hakuombwa ruhusa, na nchi ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Mkono, kalamu na kikombe cha kahawa cha katibu mwenyewe vinatosha kwa picha.

Kipimo kimoja rahisi kabla ya kuposti ni kujiuliza: mtu aliyefanya vibaya zaidi leo akiisoma hii, atajiona yumo pamoja na wengine, au atajiona ameonyeshwa kidole? Msomee pia mtu wa idara nyingine. Akihitaji kuelezwa, mzaha ni wa watu watano wa kundi moja, na ubaki huko.

Saa ya kuposti nayo ina uzito wake. Saa moja na nusu asubuhi si wakati wa mzaha kwa watu wanaoingia mtihani saa mbili. Wanapitia desa kwa mara ya mwisho, na neno lolote kuhusu mtihani huongeza presha. Mtihani wa saa tatu ukianza saa mbili huisha saa tano. Subiri watu watoke, wanywe maji, waangalie simu. Posti ya saa sita mchana inawakuta wakiwa hai na wanataka kusikia kwamba hawakuwa peke yao. Nyingine ya saa moja usiku inawakuta wakianza kusomea somo linalofuata. Mbili kwa siku zinatosha. Akaunti inayoposti kila saa inawapa watu sababu ya kuacha kusoma, na wao wenyewe wataanza kuinyamazisha.

Posti isiguse maswali yenyewe. Mtu anayetoka ukumbini hutamani kujua jibu la swali la tatu lilikuwa nini, na akaunti inaweza kuvuna maoni mengi kwa kuuliza. Lakini mjadala huo humwambia aliyekosea kwamba amekosea, wakati bado ana mitihani minne mbele, na hakuna atakachoweza kurekebisha. Isitoshe, wapo waliougua ambao watafanya mtihani maalumu baadaye. Cheka na kalamu, saa ya ukutani, baridi ya kiyoyozi na benchi linalopiga kelele ukijisogeza. Yaliyomo kwenye karatasi yaachwe ukumbini.

Kwa umbo, posti bora ni nyepesi. Wiki ya UE bando ni dogo, na bumu, ile fedha ya kujikimu kutoka Bodi ya Mikopo, mara nyingi limeshaisha. Maneno kati ya 15 na 30, maandishi makubwa meusi juu ya rangi moja tulivu, hufunguka haraka hata mtandao ukiwa dhaifu. Stetasi ya WhatsApp ya maandishi matupu inakula bando kidogo sana kuliko video, na hufutika yenyewe baada ya saa 24. Jambo hilo linaufaa mzaha wa siku, maana utani wa Jumatatu ukisomwa Alhamisi umeshachacha.

Utajuaje kama posti imefika? Usihesabu mioyo tu. Angalia wangapi wameituma kwa wenzao, na wanasema nini. "Umenifunga kamera chumbani?" ni dalili njema. Wakianza kutaja majina ya wenzao na kucheka nao, soma kwa makini, kwa sababu mzaha unaweza kuwa umeshageuka kuwa kidole. Mtu akiandika "hii si poa", iondoe, omba radhi kwa sentensi moja, endelea na kazi. Kueleza kwamba ulikuwa unatania tu humlazimisha aliyeumia aanze kujitetea.

Baadhi ya wanaojibu watakuja faragha. "Mimi nimeshakata tamaa" inaweza kuwa mzaha wa uchovu, na inaweza kuwa kweli. Katibu asiijibu kwa mzaha mwingine. Amuulize kwa upole yuko wapi na yuko na nani, amhimize afike ofisi ya Mshauri wa Wanafunzi au kwa watoa ushauri nasaha wa chuo, na ikiwezekana amsindikize au amtafutie rafiki wa kumsindikiza.

Mila zetu zinatusaidia kulielewa hili. Katika utani wa makabila, mtani huja msibani akafanya vituko, akawazuia wafiwa mpaka wampe chochote, na watu wakacheka huku machozi hayajakauka. Ana ruhusa hiyo kwa sababu anajulikana kuwa upande wao: ndiye pia anayeshughulika na kazi za mazishi. Akaunti ya chama hupata ruhusa ya kutania kwa njia hiyohiyo. Kwa kila posti ya mzaha, iwepo ya kufaa: ratiba iliyobadilika, ukumbi uliohamishwa kutoka Yombo kwenda Nkrumah, kumbusho la kubeba kitambulisho, jina la anayekopesha kikokotoo. Habari ya ratiba ithibitishwe kwenye tangazo la idara kabla ya kutumwa, na iandikwe bila mzaha hata chembe. Mtu akikosa mtihani kwa kudhani tangazo lilikuwa utani, hakuna radhi itakayotosha.

Jioni ya mtihani wa mwisho mzaha unaruhusiwa kuwa mkubwa kidogo, kwani mzigo umetuliwa:

*"Umelala saa kumi na nne. Umeamka umeshtuka. Umetafuta ratiba. Hakuna kitu."*

Kisha akaunti inyamaze mpaka matokeo yatoke, na siku ya matokeo isitanie kabisa, kwa kuwa siku hiyo wenye furaha na wenye majonzi wanashika simu kwa wakati mmoja. Lakini kuna wiki nyingine ambayo akaunti nyingi huisahau. Kabla ya mwaka mpya wa masomo kuanza, wachache hurudi chuoni kufanya sapu, wenzao wakiwa likizo na vimbweta vikiwa vitupu. Chama chenye watani wa kweli huwawekea ratiba, madesa na namba ya wa kuwasaidia, na jioni huwaandikia posti moja nyepesi kuhusu kimbweta ambacho, kwa mara ya kwanza, hakuna mtu wa kugombania.