Ukibadilisha Ufunguo Mkuu, Nini Hasa Kimebadilika?

Tuseme hospitali ina picha za eksirei 400,000, kila moja megabaiti 5. Jumla ni terabaiti 2. Anayejua misingi ya usimbaji fiche atashauri picha zote zisimbwe kwa AES-256-GCM, kwa ufunguo mmoja. Ushauri huo unafaa mpaka siku ufunguo utakapotakiwa kubadilishwa. Siku hiyo kila picha itabidi isomwe, isimbuliwe, isimbwe upya na kuandikwa tena, huku madaktari wakiendelea kuzihitaji picha zilezile.

Usimbaji wa bahasha unaupunguza mzigo huo kwa kutumia funguo za ngazi mbili. Picha mpya inapohifadhiwa, programu hupata ufunguo wa nasibu wa baiti 32, kwa ajili ya picha hiyo peke yake. Huu ndio ufunguo wa data, nao ndio unaosimba picha. Kisha ufunguo wa data wenyewe husimbwa kwa ufunguo wa pili, ufunguo mkuu. Ufunguo wa data ulio wazi hufutwa kwenye kumbukumbu ya seva, na ule uliosimbwa huhifadhiwa pamoja na picha:

```
picha: eksirei-0412.bin
ufunguo_uliosimbwa: (baiti 60)
ufunguo_mkuu: K1
```

Wanaoanza hushtuka kuona ufunguo umewekwa pembeni ya kitu unachokifungua. Hakuna hatari hapo, maana bila K1 baiti hizo 60 hazifungui chochote. K1 ndio unaopaswa kulindwa kwa nguvu zote, na kwa kawaida hukaa ndani ya kifaa maalumu kisichoutoa nje ukiwa wazi. Huduma ya AWS KMS, kwa mfano, hutoa ufunguo wa data kwa amri ya `GenerateDataKey` kwa sura mbili, ulio wazi na uliosimbwa. Picha nzima huwezi kuituma huko isimbwe, kwa sababu amri yake ya `Encrypt` hupokea baiti 4,096 tu kwa mara moja. Wakati wa kusoma picha, programu hutuma ufunguo uliosimbwa, hurudishiwa ulio wazi, na picha husimbuliwa kwenye seva ya hospitali.

Sasa tubadilishe ufunguo mkuu. Tunatengeneza K2 na kuielekeza programu iutumie kwa picha mpya. Kwa zile za zamani, tunafungua kila ufunguo wa data kwa K1 na kuusimba upya kwa K2, kazi ambayo AWS KMS huifanya ndani kwa ndani kwa amri ya `ReEncrypt`. Baiti 60 mara 400,000 ni megabaiti 24. Terabaiti 2 za picha hazikuguswa hata kidogo.

Wepesi huo ndio unaowapoteza wengi. Kwa kuwa picha hazikuguswa, funguo za data ni zilezile za jana. Aliyekwisha kuiba ufunguo wa data wa picha fulani bado anaweza kuifungua picha hiyo, hata ukibadilisha ufunguo mkuu kila mwezi. Na kama K1 wenyewe ulivuja, mwizi akawa amenakili zile baiti 60 kabla hujazibadilisha, atazifungua kwake kwa utulivu. Hapo hakuna njia ya mkato: tengeneza funguo mpya za data na usimbe picha zenyewe upya, terabaiti zote 2. Hata hivyo utakuwa umezilinda tu picha ambazo hajazichukua.

Kuna pia mabadiliko ya kiotomatiki, ambayo AWS KMS huyafanya kila baada ya siku 365 usipochagua muda mwingine. Hayo hayagusi hata zile megabaiti 24. Ufunguo wa zamani hubaki humo ili kufungua vya zamani, na mpya hutumika kuanzia hapo kuendelea. Ni utaratibu mzuri wa kawaida, lakini usiuhesabu kuwa tiba ya uvujaji.

Hatari kubwa zaidi ni kuufuta K1 mapema. Hesabu kwanza rekodi ambazo bado zimeandikwa `ufunguo_mkuu: K1`. Zikiwa zimebaki hata tatu, picha hizo tatu zitapotea milele. Hesabu ikifika sifuri, bado kuna nakala za akiba. Nakala ya miezi sita iliyopita ina zile baiti 60 za zamani, na zinafunguliwa na K1 pekee. AWS KMS hulazimisha kungoja siku 7 hadi 30 kabla ufunguo haujafutwa kabisa. Tumia siku hizo kurejesha nakala moja ya zamani na kujaribu kufungua picha yake huku K1 ukiwa umezimwa. Isipofunguka, sitisha ufutaji siku hiyohiyo.